Kutafuta kitako cha bonde kwa uwiano wa dhahabu bila kulipia nukta ileile mara mbili

Tuseme una funksheni ya kigeu kimoja, f(x), na unataka kujua ni x ipi inayoipa thamani ndogo kuliko zote. Huna fomula ya mteremko wake, au unayo lakini huiamini. Kila ukiikokotoa funksheni mara moja unalipa gharama: labda ni programu inayokaa nusu saa kabla ya kutoa jibu, labda ni jaribio la maabara. Unachokijua ni kwamba kati ya a na b funksheni inashuka tu mpaka kwenye kitako, kisha inapanda tu. Yaani ina bonde moja. Hakuna sharti jingine. Si lazima iwe laini, wala si lazima bonde liwe na umbo zuri.

Njia ya uwiano wa dhahabu imetengenezwa kwa hali hiyo. Wengi huifahamu kwa ile namba yake maarufu, 0.618, na kuichukulia kama pambo la kihisabati. Kwa kweli namba hiyo haikuchaguliwa na mtu kwa uzuri wake. Imelazimishwa na jambo moja la ubahili: kila hatua, kati ya nukta mbili unazozihitaji, moja iwe tayari imeshakokotolewa. Ukielewa hilo unaweza kuiandika njia nzima bila kukariri, na unajua pia inavunjikia wapi.

Tuanze na kwa nini nukta mbili. Ukikokotoa nukta moja tu katikati ya a na b, huwezi kujua kitako kiko upande gani, kwa sababu thamani moja haisemi kama hapo funksheni inashuka au inapanda. Ukiweka mbili, x1 kushoto na x2 kulia, unaweza kuamua. Kama f(x1) ni ndogo kuliko f(x2), basi kitako hakiwezi kuwa kulia kwa x2, kwa kuwa tukielekea kulia kutoka x1 tayari tumeshapanda kabla ya kufika x2. Kipande cha kuanzia x2 hadi b kinatupwa. Kama ni kinyume chake, kinatupwa kipande cha kuanzia a hadi x1. Angalia vizuri kinachobaki: katika hali ya kwanza ni kutoka a hadi x2, si kutoka a hadi x1. Kitako kinaweza kabisa kuwa katikati ya x1 na x2. Anayebakiza [a, x1] anatupa jibu lenyewe, na programu yake haitalalamika hata kidogo.

Sasa uwiano. Chukua kipande chenye urefu wa 1. Hatujui upande upi utatupwa, kwa hiyo tunaweka nukta kwa ulinganifu: x2 iwe umbali r kutoka kushoto, na x1 iwe umbali 1 − r. Vyovyote itakavyokuwa, kinachobaki kina urefu r. Tuseme umetupwa upande wa kulia. Ndani ya kipande kipya bado ipo ile x1 ya zamani, umbali 1 − r kutoka kushoto, na thamani yake tunayo. Tunataka ikae palepale ambapo x2 mpya ingewekwa, yaani kwenye sehemu r ya urefu r, ambayo ni r². Basi:

```
1 - r = r^2      ->      r = (sqrt(5) - 1) / 2 = 0.618034
```

Hakuna r nyingine chanya inayotimiza hilo. Nayo 1 − r ni 0.381966. Nukta ya zamani inaingia kwenye nafasi yake mpya bila kusogezwa, na tunakokotoa moja tu iliyobaki.

Tuione ikifanya kazi kwenye swali ambalo jibu lake linaweza kuhakikiwa. Kopo la mcheduara lenye mfuniko lina ujazo wa lita 1, yaani sentimita za ujazo 1000. Nusu kipenyo x kiwe sentimita ngapi ili bati litumike kidogo kabisa? Eneo lote la bati ni S(x) = 2πx² + 2000/x. Hapa hesabu ya mteremko inatoa jibu moja kwa moja, x = 5.4193, na eneo la sentimita za mraba 553.581. Tujifanye hatulijui. Tunaanza na kipande cha 3 hadi 8.

Urefu ni 5, kwa hiyo x1 = 3 + 0.381966 × 5 = 4.9098, na x2 = 6.0902. Maeneo ni 558.811 na 561.442. Kushoto ni kudogo, basi tunatupa kulia, na kipande kinakuwa 3 hadi 6.0902. Ile 4.9098 sasa ndiyo x2, pamoja na 558.811 yake. Nukta mpya ni x1 = 4.1803, na eneo lake ni 588.230. Ni kubwa, kwa hiyo safari hii kinachotupwa ni kushoto, na kipande ni 4.1803 hadi 6.0902. Ile 4.9098 imerudi kuwa x1, nayo x2 mpya ni 5.3607 yenye eneo 553.646.

Hapo tumekokotoa mara nne. 553.646 ni ndogo kuliko 558.811, tunatupa kushoto tena: 4.9098 hadi 6.0902. Nukta ya 5.3607 inakuwa x1, na x2 mpya, 5.6393, inatoa 554.470. Tunatupa kulia, kipande ni 4.9098 hadi 5.6393. Nukta mpya ya 5.1885 inatoa 554.615, tunatupa kushoto. Tumebaki na 5.1885 hadi 5.6393, urefu wa 0.4508, na tumeikokotoa funksheni mara sita kwa jumla. Nukta ya 5.3607 ilikokotolewa mara moja, ikatumika katika maamuzi matatu mfululizo, na bado iko ndani ikisubiri la nne.

Jambo moja linaonekana hapa ambalo watu hulipita haraka. Eneo tulilolipata, 553.646, limezidi lile bora kabisa kwa asilimia 0.012 tu, ilhali nusu kipenyo chenyewe bado kimekosea kwa karibu sentimita 0.06. Kwenye kitako bonde ni bapa, kwa hiyo thamani ya f inakuwa nzuri mapema sana na thamani ya x inachelewa. Kama unachotaka ni bati kidogo, ungeweza kuacha hapo. Kama unachotaka ni x yenyewe, bado una kazi, na ubapa huohuo utakurudia baadaye kama kikwazo.

Tuhesabu gharama. Kila hatua inapunguza kipande hadi 0.618 ya urefu wake, na kupunguza mara n kunahitaji kukokotoa mara n + 1. Kutoka urefu wa 5 hadi 0.001 zinahitajika hatua 18, yaani kukokotoa mara 19. Anayegawa kipande katika theluthi tatu hapati nukta inayokaa mahali pake, kwa hiyo analipia mbili kila hatua: hatua 22, mara 44. Mbinu ya kuweka nukta mbili zilizokaribiana sana katikati inapunguza karibu nusu kila hatua, na kwa hatua moja moja inaonekana kali zaidi. Lakini nayo inalipia mbili kila mara: hatua 13, mara 26. Ubahili wa kulipia moja unashinda, ingawa kila hatua yake ni fupi.

Ipo njia iliyo bora kidogo zaidi. Mwaka 1953 Jack Kiefer alionyesha kwamba ukijua kabla ni mara ngapi utakokotoa, hakuna mpango unaoushinda ule wa namba za Fibonacci, ambamo uwiano hubadilika kila hatua. Tofauti si kubwa: kwa idadi ileile ya kukokotoa, uwiano wa dhahabu unakuachia kipande kirefu zaidi kwa asilimia 17 hivi, pungufu ya hatua moja. Kwa maoni yangu haistahili usumbufu, kwa sababu mara nyingi hujui idadi hiyo mpaka umeanza kuona thamani zinavyokuja.

Kwa Python njia nzima ni hii, ambapo tol ni urefu wa kipande unaotosha kusimama:

```python
import math
C = (3 - math.sqrt(5)) / 2        # 0.381966...

def dhahabu(f, a, b, tol):
    x1, x2 = a + C*(b - a), b - C*(b - a)
    f1, f2 = f(x1), f(x2)
    while b - a > tol and a < x1 < x2 < b:
        if f1 < f2:
            b, x2, f2 = x2, x1, f1
            x1 = a + C*(b - a)
            f1 = f(x1)
        else:
            a, x1, f1 = x1, x2, f2
            x2 = b - C*(b - a)
            f2 = f(x2)
    return (x1, f1) if f1 < f2 else (x2, f2)
```

Makosa mengi hutokea kwenye ile mistari miwili ya kuhamisha. Katika lugha isiyo na kuhamisha kwa pamoja, mpangilio ni lazima uwe `b = x2`, halafu `x2 = x1`, halafu `f2 = f1`, ndipo x1 mpya ikokotolewe. Ukiikokotoa x1 mpya kwanza, x2 itachukua thamani hiyo mpya na nukta zote mbili zitakuwa mahali pamoja. Kosa lililofichika zaidi ni kuhamisha x ukasahau kuhamisha f yake. Programu inaendelea, kipande kinapungua kwa uwiano uleule mzuri, na jibu linalotoka ni upuuzi. Ndiyo maana kupungua kwa kipande si ushahidi wa chochote: kitapungua hata ukilinganisha namba za bahati nasibu. Unapojaribu programu, tumia funksheni rahisi na uweke ukaguzi ndani ya mzunguko kwamba f1 ni sawa na f(x1) na f2 ni sawa na f(x2). Ukisharidhika, uondoe, la sivyo unalipia tena kile ulichokuwa unakwepa kukilipia.

Hesabu pia ni mara ngapi f inaitwa. Programu hii huikokotoa mara moja ya ziada mwishoni, kwa sababu nukta mpya inakokotolewa kabla ya kuangalia kama kipande kimeshatosha. Kama kila mara ni nusu saa, peleka ukaguzi wa tol kabla ya kukokotoa.

Kuna njia ya mkato inayovutia na inayouma. Kwa kuwa nukta mbili zina ulinganifu, nukta mpya inaweza kupatikana kwa kutoa tu: `x1 = a + b - x2`. Hakuna kuzidisha, wala hakuna haja ya C. Tatizo ni kwamba nukta iliyobakizwa haiwezi kusahihishwa mahali ilipo, kwa kuwa ukiisogeza thamani yake haifai tena. Ikiwa imekaa pembeni kidogo ya nafasi yake, njia hii inaiweka na nukta mpya pembeni vilevile, na uwiano unakosea mara 2.618 zaidi kila hatua. Anza na 0.618 kamili badala ya 0.618034. Hatua nne za kwanza huoni kitu, uwiano uko kati ya 0.616 na 0.619. Hatua ya saba ni 0.647, ya nane 0.545, ya tisa 0.833. Katika ya kumi ni 0.200, maana yake ile inayoitwa x2 sasa iko kushoto kwa x1, na kila uamuzi baada ya hapo unatupa upande usiostahili. Ukianza na C yenye tarakimu zote za kompyuta, maafa hayohayo yanakuja baada ya hatua 36 hivi.

Fomula ya `a + C*(b - a)` ni imara zaidi kwa sababu nukta mpya inapimwa kutoka kwenye ncha za kipande cha sasa, si kutoka kwa mwenzake. Kosa bado linakua, mara 1.618 kwa hatua, lakini pale tu nukta ileile inapoendelea kubakizwa. Hata hivyo ule ukaguzi wa `a < x1 < x2 < b` nisingeuondoa. Hauna gharama, na ndio unaozuia mzunguko usioisha pale mtu anapoomba usahihi ambao kompyuta haina.

Na watu huuomba sana. Huandika tol ya 1e-12 wakidhani tarakimu 16 za namba za kawaida za kompyuta zinaruhusu. Hapa ndipo ubapa wa kitako unaporudi. Karibu na kitako, eneo la bati letu linazidi lile bora kwa takriban 18.85 × h², ambapo h ni umbali kutoka kwenye jibu. Kompyuta, ikishika namba za ukubwa wa 553, haiwezi kutofautisha zilizo karibu zaidi ya 1.1e-13. Ukigawa na kutafuta kipeuo cha pili, h ni kama 8e-8. Ndani ya umbali huo f1 na f2 zinatofautiana kwa makosa ya desimali tu, na kulinganisha kwake ni kurusha sarafu. Kutoka urefu wa 5 hadi 1e-7 ni hatua 37, ambazo zina maana. Hadi 1e-12 ni hatua 61, na zile 24 za mwisho zinachagua tarakimu bila sababu yoyote. Kwa ujumla, tarajia nusu ya tarakimu ulizonazo, si zote. Dalili yake ni f1 na f2 kuwa sawa kabisa tena na tena.

Kwenye vipimo halisi kikomo hicho kinapanda haraka. Kama eneo lingejulikana kwa usahihi wa 0.01 tu, h ingekuwa kipeuo cha pili cha 0.01/18.85, yaani 0.023. Kuendelea chini ya hapo si kupoteza muda tu. Njia hii haina njia ya kurudi: kipande kikishatupwa kimakosa hakifufuki, na hatua zote zinazofuata zinasukumana kwenye ncha iliyo karibu zaidi na kilichotupwa. Ukichapisha a na b kila hatua utaliona hilo. Katika mfano wetu tulitupa kulia, kushoto, kushoto, kulia, kushoto. Ukiona ncha moja haijasogea kwa hatua nane au kumi huku nyingine ikiikimbilia, jibu limebanwa ukutani.

Ukuta huo unaweza pia kuwa ule wa mwanzo. Funksheni inayoshuka tu kutoka a hadi b haina bonde humo ndani, lakini programu itarudisha namba iliyo karibu kabisa na b bila onyo, maana haijawahi kuikokotoa f kwenye ncha. Kinga ni kuanza na nukta tatu, ambamo ya katikati ina thamani ndogo kuliko za pembeni zote mbili. Usipokuwa nazo, tembea upande unaoshuka, kila hatua ikiwa ndefu mara 1.618 ya iliyotangulia, mpaka funksheni ipande.

Mabonde mawili ni shida nyingine. Ukipewa funksheni ya namna hiyo, njia itaishia kwenye mojawapo, na si lazima liwe lenye kina zaidi. Kinachosaidia ni kutunza kila nukta uliyokokotoa, kisha mwishoni kuzipanga kwa x na kuangalia kama thamani zinashuka halafu zinapanda. Zikishuka, zikapanda, zikashuka tena, dhana ya bonde moja imeshavunjika. Zikiwa sawasawa hujathibitisha kitu, kwani bonde la pili linaweza kujificha ndani ya kipande kilichotupwa mapema. Sehemu bapa iliyo mbali na kitako ni mbaya vilevile: f1 na f2 zikiwa sawa hapo, tawi la `else` litatupa kushoto hata kama kitako kiko huko.

Zile thamani ulizozilipia zina matumizi mengine kama funksheni ni laini. Rudi kwenye kopo, baada ya kukokotoa mara sita. Tuna 5.1885, 5.3607 na 5.6393, pamoja na maeneo yake. Pitisha parabola kwenye nukta hizo tatu, na kitako chake kiko kwenye 5.4223, kosa la 0.003 badala ya 0.06, bila kuikokotoa funksheni hata mara moja zaidi. Parabola hiyo haitegemeki ukiwa mbali, au pale bonde linapokuwa na kona, na ndiyo sababu njia aliyoichapisha Richard Brent mwaka 1973 huijaribu parabola kila hatua na kurudi kwenye uwiano wa dhahabu parabola inapokosa nidhamu. Hiyo ndiyo utakayoikuta ukiita `minimize_scalar` ya SciPy bila kutaja njia, na `optimize` ya R ni ya ukoo huohuo. Ukitaka dhahabu tupu kwenye SciPy, andika `method='golden'`, na kwa funksheni yenye kona kali kwenye kitako mimi ningeianza hiyo.